Barua ya Mwanafunzi Isiseme "Kazi Yoyote, Wakati Wowote"

Ndugu wanachama,

Kila muhula vijana wa Chuo cha Ufundi cha Thika na wa vyuo vingine hupita katika karakana ndogo za Thika na Ruiru wakiwa na barua mkononi. Wanaomba mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi, yale wenyewe wanayoyaita atachimenti. Wengi wao ni watoto wetu, na wengi huja kwetu sisi wazazi tuwasaidie kuandika.

Barua nyingi zina maneno haya: "Nina bidii, ni mwaminifu, niko tayari kufanya kazi yoyote wakati wowote." Kijana hudhani ameonyesha heshima. Mimi nasema ameandika maneno ya hatari, kwake na kwetu.

Fikirini karakana yenye mafundi watatu, vibarua wawili na mashine moja ya kukereza. Haina afisa wa wafanyakazi; barua husomwa na mwenye karakana mwenyewe, amesimama, mafuta mikononi. Akisoma "kazi yoyote", anaona mtu wa kufagia na kubeba vyuma bila mshahara. Akisoma "wakati wowote", anaona mtu asiye na siku ya kuondoka. Kibarua mmoja huambiwa apumzike kidogo, na nafasi yake hushikwa na kijana asiyelipwa. Kijana hakujifunza kukereza, na mzee wa watoto wanne amekosa chakula. Hakuna aliyevunja ahadi yoyote, kwa sababu barua haikusema lolote.

Basi barua iseme mambo mawili waziwazi: ujuzi na tarehe.

Tuanze na ujuzi. Kusema "najua kutumia mashine ya kukereza" hakutoshi. Msimamizi mzuri humjaribu kijana kwa swali dogo. Humpa shafti yenye kipenyo cha milimita 30, amwambie aifikishe milimita 25. Kisha humuuliza, "Utaingiza kisu kiasi gani kwa jumla?" Asiyejua hujibu milimita 5. Lakini shafti inazunguka, na kisu hula pande zote. Akiingiza 5, shafti itabaki 20, nacho chuma kimeharibika. Jibu ni milimita 2 na nusu, tena kwa kupita mara kadhaa, si mara moja. Na kijana aliyefundwa vizuri zaidi huuliza kwanza gurudumu la mashine ile linasoma kipenyo chote au nusu yake, maana mashine hazifanani.

Kwa hiyo kijana augawe ujuzi wake katika mafungu matatu: yale anayoweza peke yake, yale anayoweza fundi akiwa karibu, na yale aliyoonyeshwa tu. Asione aibu kwa fungu la tatu. Karakana ndogo haina chuma cha kuchezea, na tena mashine haina huruma. Kijana aliyejisifu, akaacha ufunguo wa chaki mahali pake kisha akawasha mashine, ufunguo huo huruka kama risasi. Na anayemwumiza huenda ni fundi aliyesimama kando.

Sasa tarehe. Kuandika "niko huru mwezi wa Mei" ni kama kutoandika. Tuseme mazoezi ni ya majuma 12. Yakianza Jumatatu tarehe 4 Mei 2026, yanakwisha Ijumaa tarehe 24 Julai. Hizo ni siku za kazi zisizozidi 60, na Madaraka tarehe 1 Juni inapunguza moja. Mwenye karakana akijua hivyo, ataweza kusema kama mashine yake itakuwa na nafasi, au kama amekwisha mpokea kijana mwingine kwa siku zilezile. Mwalimu wa chuo naye atajua lini aje kumkagua.

Lakini tarehe ya mwisho ina kazi nyingine iliyo kubwa kwetu. Ikipita, mazoezi yamekwisha. Tajiri akimtaka kijana Jumatatu inayofuata, amwandike kazi na kumlipa. Barua isiyo na tarehe ya mwisho huacha mlango wazi, na kijana huendelea bure akingoja kuandikwa.

Iko na bima. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, na ile ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka huohuo, zinamtaja mwanagenzi pamoja na mwajiriwa. Mwanagenzi ana mkataba. Kijana wa chuo huja na barua tu, kwa hiyo asidhani kuwa amefunikwa. Aulize chuoni kabla ya kushika chombo: bima yangu yaanza siku gani na kwisha siku gani? Tarehe za bima na tarehe za barua ziwe ni zilezile.

Huu hapa mfano wa barua. Kijana akitaka aiandike kwa Kiingereza, lakini maana isipotee:

"Bwana, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ufundi wa mitambo katika Chuo cha Ufundi cha Thika. Naomba mazoezi ya kazi ya majuma 12, tangu tarehe 4 Mei hadi tarehe 24 Julai 2026, Jumatatu hadi Ijumaa. Peke yangu naweza kusoma mchoro, kupima kwa vernia na maikromita, na kukereza shafti ya chuma laini kwa kipimo. Fundi akiwa karibu naweza kukata nyuzi za bolti na kuchomelea bamba la milimita 6. Kukata meno ya gia nimeonyeshwa tu. Nataka zaidi kuzoea kukata nyuzi. Barua ya chuo na nakala ya bima zimo humu. Naomba kujua nitakuwa chini ya fundi gani, na kama iko posho ya nauli au chakula."

Barua hii ni fupi, na tajiri aweza kuijibu kwa dakika tano. Posho ni jambo la kupatana, isipoandikwa, isitazamiwe. Jibu nalo liwe la maandishi, lenye tarehe zilezile na jina la fundi msimamizi.

Wako watakaosema kijana mwenye masharti hatapata mahali. Labda mlango mmoja utafungwa. Lakini mlango unaofunguka kwa "kazi yoyote" tu, ndani yake hamna mafunzo.

Na sisi tulio kazini tuna wajibu. Kijana ana daftari ambalo huandika kazi ya kila siku, na msimamizi hulitia sahihi. Wajumbe wa chama waombe kuliona. Kufagia siku moja ni desturi ya karakana, hata sisi twafagia. Lakini majuma mawili yakiwa yameandikwa "usafi" na "kubeba" tu, huku kibarua mmoja ameambiwa apumzike, basi jambo liko wazi. Mjumbe aende kwa msimamizi na barua ile mkononi, amwonyeshe palipoandikwa "kukata nyuzi". Kama barua ilisema "kazi yoyote", hatakuwa na la kuonyesha.

Wenu katika chama,
Mfanyakazi wa Reli, Thika