Usimpake Bibi Rangi ya Harusi Yako



Kuna jambo limeingia kwenye shughuli zetu na tumeona tuliseme waziwazi. Biharusi anachukua picha ya zamani ya familia, nyeusi na nyeupe, anataka itiwe rangi iwekwe ukumbini. Nia ni njema. Lakini rangi ya ukumbi mwaka huu ni waridi iliyofifia, basi fundi anaambiwa kanga ya bibi nayo iwe waridi iliyofifia. Picha ikirudi, bibi amevaa nguo ambayo hajawahi kuiona maishani mwake, na watoto wanakua wakiamini ndivyo alivyokuwa.

Sisi tunapinga. Kutia rangi hatukukatazi. Tunachokataa ni kutia rangi isiyoweza kuwa kweli, tena nzito kiasi cha kuua picha yenyewe.

Tuchukue mfano wa picha ambayo nyumba nyingi za Unguja zinayo, ya miaka ya 1950. Biharusi amekaa kitini amejifunika kanga yenye vimraba na vidoti. Pembeni amesimama mwanamme wa kanzu, koti na kofia. Mbele yao yuko mtoto wa kike wa gauni.

Kwa kanga ile hakuna haja ya kubahatisha. Mama yeyote mtu mzima wa pwani akiutazama mchoro ule atakwambia hicho ni kisutu, kanga ya maharusi tangu zamani, na kisutu ni chekundu, cheusi na cheupe. Huo ndio ushahidi wa kwanza: aina ya nguo. Wa pili ni sanduku, kwa kuwa mara nyingi nguo yenyewe bado imo ndani imekunjwa. Wa tatu ni wazee walio hai. Waulizeni leo, si baada ya arubaini.

Ushahidi usiotosha ni kijivu cha picha. Watu hudhani kijivu cheusi kilikuwa rangi nzito na kijivu cheupe kilikuwa rangi nyepesi. Sivyo. Zamani kulikuwa na filamu zisizouona wekundu: nyekundu ilitoka karibu nyeusi, na buluu ikatoka nyeupe nyeupe. Baadaye zikaenea filamu zinazoona rangi zote, lakini zile za mwanzo hazikutoweka siku moja. Mkitaka kujua picha yenu ni ya aina gani, tazameni midomo ya wanaume na watoto, kwa sababu ya biharusi huenda imepakwa. Ikiwa midomo yao ni myeusi isivyo kawaida, filamu huenda haikuona wekundu, na kisutu kitaonekana kama kaniki. Fundi asiyejua hilo atakipaka buluu iliyokoza, na biharusi wa kisutu atakuwa amepotea.

Sasa tuje kwenye upakaji, maana hapa ndipo picha nyingi zinapoharibiwa. Iskanini picha kwa 600 dpi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itatoa upana wa pikseli kama 2,360, zinatosha. Faili la asili liwekeni kando, msiliguse. Kwenye nakala, tumieni GIMP, programu ya bure. Kwanza nendeni `Image > Mode > RGB`, kwani faili likibaki la kijivu kila rangi mtakayopaka itatoka kijivu.

Kila nguo ipewe tabaka lake jipya lililo tupu, na kwenye `Mode` mchague `LCh Color`. Tabaka la namna hii linaleta rangi tu. Mwanga na kivuli vinabaki vile vile vilivyopigwa siku ile, kwa hiyo mikunjo ya kanga haipotei. Ipo pia `HSL Color`, na wengi huishika hiyo, lakini hiyo hubadilisha mwanga: njano hung'aa kupita kiasi na buluu huzama.

Kwa kisutu, pakeni nyekundu iliyotulia kama `9E1B22` kwa brashi laini, kisha mteremshe `Opacity` hadi 45 hivi. Lainisheni kingo kwa `Filters > Blur > Gaussian Blur`, kipimo cha 3, ili rangi isikatike kama karatasi iliyobandikwa. Baada ya hapo chukueni kifutio kidogo mfute rangi juu ya vidoti vyeupe. Msipovifuta vitageuka waridi, na kisutu hakina waridi. Sehemu nyeusi nazo zifuteni rangi, zisije zikapata wekundu.

Ikiwa filamu ilikuwa ile isiyoona wekundu, nyekundu yenu itatoka damu ya mzee, tena nzito. Iacheni hivyo. Tamaa ya kuikoleza ndiyo inayotoa zile nguo zinazong'aa kama plastiki. Nyekundu inayong'aa haiwezi kukaa juu ya kijivu cheusi bila ya kuufuta mwanga wa asili, na mwanga huo ndio picha yenyewe.

Kanzu nayo isiachwe nyeupe pe. Ipeni maziwa yaliyokoza kidogo, `Opacity` 20, zaidi ndani ya mikunjo na kidogo penye mwanga. Koti, kama hakuna anayelikumbuka, lipewe kahawia hafifu sana.

Na gauni la mtoto? Kijivu chake cheupe kinaweza kuwa waridi, njano au buluu. Hakuna sanduku, hakuna anayekumbuka. Basi liacheni kama lilivyo. Nguo moja ya kijivu katikati ya rangi laini haichukizi macho, na inasema ukweli kwamba hapa hatujui.

Mkimaliza, ipimeni kazi. Tengenezeni nakala iliyounganishwa matabaka yote, iondoeni rangi kwa `Colors > Desaturate > Desaturate`, chagueni `Luminance`, kisha muiweke kando ya picha ya asili. Zikifanana karibu kabisa, mmepaka kwa adabu. Ikiwa kanga imekuwa bapa, mikunjo imefutika au uso wa nguo umebadilika, mmeipaka picha nyingine juu ya ile ya bibi.

Tunajua mtatujibu: "Jamani, ni pambo tu la ukumbini." Kama ni pambo, maua yapo, vitambaa vya meza vipo, pakeni huko waridi mpaka mchoke. Picha hii itatoka ukumbini ikatundikwe sebuleni, na ile ya asili itasahaulika droo gani sijui. Miaka thelathini mbele, mjukuu ataulizwa kisutu ni rangi gani, ataonesha picha ya bibi yake: waridi iliyofifia.

Na mtasema pia hakuna mwenye hakika ya rangi halisi. Kweli. Ndiyo maana tunasema nyuma ya picha iandikwe kwa kalamu: rangi za kukisia, kisutu kwa mchoro wake, koti kwa kubuni, gauni halijulikani. Mistari miwili tu, na hakuna aliyedanganywa.

Biharusi mwenzetu, ukitaka wewe na bibi mfanane ukumbini, usibadilishe nguo yake. Nunua kisutu, ukivae wewe.