Mteja Akilipa Kabla ya Kuuliza, Tangazo Lako Lina Shida

Jirani yangu huuza viatu vya watoto vya mitumba. Huenda Gikomba alfajiri, akirudi anavipiga picha na kuviweka kwenye Status na kwenye kikundi cha mtaa. Mwezi mmoja wa kufungua shule aliandika hivi:

*OFA OFA OFA!!! Lipa sasa kabla hazijaisha! Till 000000. Usikose! Viatu vikali vya watoto, mzigo mpya kabisa. Wa kwanza kuja ndiye wa kwanza kupata. Tuma meseji. Piga simu. Ambia rafiki. Bei ni 650, saizi 28 hadi 33, jozi moja kila saizi. Boda unalipa mwenyewe. Havirudishwi.*

Kufika saa mbili usiku, watu watatu walikuwa wamelipia saizi 30, na jozi ya saizi 30 ilikuwa moja. Wawili ilibidi warudishiwe pesa, na ada ya kutuma ikamtoka yeye. Mmoja wao hakungoja. Aliandika kikundini kwamba huyu mama anakula pesa za watu. Pesa zake zilirudi usiku huohuo, lakini ile meseji haikufutwa.

Soma tena lile tangazo. Hakuna uongo ndani yake. Bei iko, saizi ziko, hata ile habari ya jozi moja kwa kila saizi iko. Shida ni mpangilio. Mwito, yaani yale maneno yanayomwambia mteja afanye nini (lipa, piga, njoo, agiza), umekaa juu, na habari ambayo ingemzuia mtu kulipa ovyo imezikwa chini yake. Tena miito yenyewe ni mitano: lipa, usikose, tuma, piga, ambia rafiki. Mteja anachagua ule rahisi, na siku hizi ulio rahisi kuliko yote ni kulipa.

Hapo ndipo mambo yamebadilika kwa sisi tunaouza kwa simu. Zamani mwito wa juu ulikuwa "njoo dukani". Mtu akija anaona kiatu, anakijaribu, anaacha. Leo kati ya kusoma na kulipa kuna nambari ya Till na PIN tu. Ukimwambia mtu lipa kabla hujamwambia ananunua nini, wengine watalipa kweli.

Maoni yangu ni haya: kila habari inayobadilisha kiasi cha pesa, au inayoweza kumfanya mtu aseme "basi, siitaki", ikae juu ya mwito. Nyingine zote zikae chini. Mwito uwe mmoja, na ukae pale maswali ya mteja yanapokwisha, hata kama huo si mstari wa kwanza wala wa mwisho.

Tangazo la jirani yangu tuliliandika upya tukiwa tumekaa kwa ngazi za ploti:

*Viatu vya shule vya watoto, vyeusi, mitumba safi: 650 kwa jozi.*
*Saizi 28, 29, 30, 31, 32, 33. Jozi moja tu kwa kila saizi.*
*Boda mtaani 100, unalipa ukipokea. Ukishachukua havirudishwi, kwa hivyo pima mguu wa mtoto kwanza.*
*Niandikie saizi unayotaka. Nikikujibu "ipo", lipa Till 000000. Jina litakalotokea ni (jina la biashara lilivyoandikishwa).*
*Niko wazi saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Jumapili nimefunga.*

Mstari wa kwanza una kitu na bei, na kuna sababu. Meseji ikiwa ndefu, simu huikata na kumwachia msomaji neno la kubonyeza ili aone iliyobaki, na wengi hawabonyezi. Kinachobaki juu kinatakiwa kitoshe kumfanya mtu aamue kama aendelee au apite. "OFA OFA OFA" haimwambii lolote. "Viatu vya shule, 650" inamwambia mwenye mtoto wa chekechea na mwenye mtoto wa darasa la nne kama hapa pana chake.

Gharama ya boda na ile habari ya kutorudisha ziko juu ya mwito kwa sababu zinagusa mfuko. Mtu aliyelipa 650 kisha akaambiwa kuna 100 ya boda hujiona amechezewa, hata kama mia hiyo ni ya haki. Akiisoma mapema, ni bei kama bei nyingine. Saa za kufungua zimewekwa chini kwa kuwa hazibadilishi pesa ya mtu. Anayezihitaji atazitafuta.

Halafu tazama mwito wenyewe. Una hatua mbili kwa mpangilio: uliza saizi, kisha lipa. Kwa bidhaa iliyoko moja moja, hatua ya kuuliza ndiyo inayokuokoa na kurudisha pesa. Kama una gunia zima la kitu kilekile, iondoe, inamchelewesha mteja bure.

Lile jina pia lisiachwe. Biashara nyingi zina jina la mtaani na jina lingine lililoandikishwa kwenye Till. Mteja anaingiza nambari, anaona jina asilolijua, anasimama. Na yuko sahihi kusimama, maana tumemfundisha kila siku kwamba aangalie jina kabla ya kukamilisha malipo. Ukiandika jina kamili kando ya nambari, unampa kitu cha kulinganisha. Matapeli hupenda kukimbiza mtu: lipa haraka, nafasi zinaisha, maelezo baadaye. Muuzaji mwaminifu anayeanza na "lipa sasa" anajivalisha nguo za tapeli bila kujua.

Kwa anayetumia Paybill, kosa huwa kwenye nambari ya akaunti. "Paybill 000000 akaunti jina lako" ni mwito uliofichwa ndani ya fumbo. Jina langu nani, la mzazi au la mtoto? Tenga mistari miwili. Wa kwanza nambari ya Paybill, wa pili neno kamili la kuandika, kwa mfano: "Akaunti: andika nambari ya nyumba pekee, kama B7." Dakika moja ya kuandika vizuri inakuondolea jioni nzima ya kutafuta nani alilipa nini.

Jambo lingine la vitendo: nambari ya kulipia usiiweke ndani ya picha peke yake. Si rahisi kuinakili, na mwenye bando ndogo pengine hata picha hajaifungua. Iandike kwa maandishi. Kwenye WhatsApp, mteja akishasema yuko tayari, mtumie nambari kama meseji yake peke yake, kwa sababu akiinakili meseji ndefu atajikuta amenakili viatu vyote na saizi zake.

Na kama unatuma SMS kwa wateja wengi, nafasi ni ndogo zaidi. SMS moja ya herufi za kawaida hubeba alama 160. Ukitia emoji moja, nafasi hushuka hadi 70, na meseji ikizidi hapo hukatwa vipande vya alama 67. Kwa hivyo meseji ya alama 150 iliyokuwa SMS moja huwa tatu kwa sababu ya kijimoto kimoja, na unalipia tatu. Hata kile kiapostrofi kilichopinda kwenye "ng'ombe", ukikinakili kutoka kwa kompyuta, kinaweza kufanya vivyo hivyo. Katika alama 160 andika kitu, bei, sharti moja kubwa, kisha mwito. Maneno kama "usikose" hayana kiti hapo.

Kuna atakayeniambia, "Nikiweka mwito mstari wa nne, watu hawatafika." Nimelisikia hilo, na lina ukweli kidogo. Tangazo likiwa na sifa kumi kabla ya Till, hawafiki. Lakini dawa ni kupunguza sifa. Mistari mitatu mtu anaisoma kabla boda haijawashwa. Asiyeweza kusoma mistari mitatu kuhusu kiatu cha mtoto wake hakuwa mnunuzi, au atakuwa mnunuzi wa kukuletea kesi.

Ninakubali pahali pamoja ambapo Till inaweza kukaa juu kabisa: bidhaa ambayo mteja huinunua kila wiki na bei haijabadilika. Mtu wa kujaziwa maji ya mtungi hahitaji kusomewa habari za mtungi. Lakini siku bei ikipanda, hata kwa shilingi kumi, bei irudi juu ya Till.

Kuhusu sheria, usidhani mpangilio huu ni heshima tu. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 hapa Kenya inamtaka anayeuza kupitia mtandao ampe mnunuzi habari zinazotakiwa kabla ya mkataba, na nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa. "Kabla" ndilo neno la kushika.

Utajuaje kama tangazo lako limekaa vizuri? Soma inboksi yako ya wiki moja. Wakiuliza sana "bei gani?" au "dada, bado iko?", umezika habari. Wakiuliza "nalipaje?", umezika mwito. Na wakilipa kwanza ndipo waulize, mwito wako umetangulia habari, na hiyo ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu pesa tayari imehama na kila jibu utakalotoa litasikika kama kisingizio.

Jirani yangu bado anaulizwa maswali. Siku hizi mengi ni "saizi 31 ipo?", naye hujibu kwa neno moja. Wiki ile ya kwanza aliuza jozi nne kati ya sita na hakurudisha pesa hata mara moja. Zile mbili zilizobaki zilikuwa za saizi tofauti. Hakuna aliyezilipia kwa makosa.