Damu ya mtoto imesafika, mbona dawa haziishi?

Mtoto wa miaka sita alianza na homa zisizoisha. Akawa analalamika miguu inauma, akawa na michubuko mapajani bila kuanguka. Vipimo vikaonyesha saratani ya damu ya aina inayowapata watoto zaidi kuliko saratani nyingine zote, lukemia kali ya limfu. Akalazwa na kuanza dawa. Baada ya wiki nne daktari akamwita mama na kumpa habari njema: kwenye hadubini, uboho wa mtoto unaonekana safi. Kisha akaongeza kwamba matibabu yataendelea kwa zaidi ya miaka miwili.

Hapo ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa. Mtoto anacheza, anakula, nywele zinaanza kurudi. Kwa nini aendelee kumezeshwa vidonge vinavyomtia kichefuchefu?

Jibu limo katika hesabu. Siku ugonjwa unapogundulika, mwili wa mtoto huweza kuwa na seli za saratani zinazokaribia trilioni moja. Daktari anaposema uboho umesafika, maana yake ya kawaida ni kwamba seli hizo ziko chini ya asilimia 5 ya seli anazoziona kwenye hadubini. Kiwango hicho bado kinaweza kuficha seli bilioni kadhaa mwilini. Vipo vipimo vikali zaidi, vinavyoweza kuiona seli moja ya saratani katikati ya seli 10,000 za uboho, lakini hata hivyo haviwezi kuhesabu mpaka ya mwisho.

Jambo la pili ni kwamba seli hizo hazifanani. Zote zilianza na seli moja iliyoharibika, lakini kila seli inapojigawa hunakili vinasaba vyake, na katika kunakili hukosea hapa na pale. Kosa likishatokea, watoto na wajukuu wa seli hiyo wote hulirithi. Kwa hiyo saratani ya mtoto mmoja ni kama kijiji chenye koo nyingi. Ukoo mmoja unakua haraka, mwingine taratibu, na mwingine, kwa bahati tu, una kosa linaloufanya usidhurike na dawa fulani ambayo haujawahi kukutana nayo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme katika kila seli milioni moja, seli moja tu inaweza kustahimili dawa ya kwanza. Idadi hiyo inaonekana ndogo. Lakini katika seli trilioni moja, hizo sugu zitakuwa milioni moja. Dawa ikitolewa peke yake itaua karibu zote, uvimbe utapungua, homa itakata, familia itashukuru Mungu. Zile milioni moja zitabaki na nafasi yote kwa ajili yao. Zikijigawa mara 20 tu, zinarudi kuwa trilioni moja, na safari hii zote haziogopi ile dawa.

Dawa haikuzifundisha seli usugu. Iliwaondoa majirani zao. Mfugaji anayeogesha ng'ombe kwa dawa ileile miaka nenda rudi anajua hali hiyo: kupe wanaobaki ni wale waliostahimili, na wao ndio wanaozaa.

Hayo yaliwahi kuonekana wazi. Mwaka 1948, Dkt. Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitoa taarifa ya watoto 16 wenye lukemia kali waliopewa dawa moja, aminopterini. Kumi kati yao walipata nafuu, jambo lililokuwa geni kabisa wakati huo. Lakini nafuu haikudumu, ugonjwa ulirudi.

Katika miaka ya 1960, madaktari wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani wakaanza kutoa dawa nne kwa pamoja. Turudi kwenye hesabu yetu tuone kwa nini. Zile seli milioni moja zinazostahimili dawa ya kwanza zikikutana siku hiyohiyo na dawa ya pili inayoua kwa njia tofauti, huenda ikabaki moja tu. Ya tatu ikiongezwa, hata hiyo moja ina nafasi ndogo ya kupona. Lakini dawa zilezile zikitolewa moja baada ya nyingine, kila ukoo sugu unapata muda wa kuzaliana kabla ya dawa inayofuata kufika.

Ndiyo sababu leo mtoto huanza na vinkristini, asparajinesi na dawa ya jamii ya predinisoloni kwa pamoja. Baadaye, nyumbani, humeza merkaptopurini kila siku na methotreksati mara moja kwa wiki. Katika nchi zenye uwezo, watoto wapatao 9 kati ya 10 hupona kwa mpangilio wa namna hii.

Hesabu hiyo haitimii kila mara. Kosa moja la vinasaba linaweza kuikinga seli dhidi ya dawa kadhaa kwa mpigo. Seli nyingine hujificha kwenye ubongo au korodani, ambako dawa nyingi hazifiki vizuri. Ndiyo maana mtoto hudungwa dawa kwenye uti wa mgongo hata kama hana dalili yoyote ya kichwa.

Wanasayansi wamelinganisha seli za watoto siku ya kwanza na siku ugonjwa uliporudi. Mara nyingi ukoo uliorudi ulikuwapo tangu mwanzo, ukiwa mdogo sana, au ulitokana na babu mmoja na ule mkubwa. Baadhi ya koo zilizorudi zina kosa kwenye jeni iitwayo NT5C2, ambalo huifanya seli iivunje merkaptopurini na kuitoa nje kabla haijafanya kazi. La kushangaza, kosa hilo huifanya seli ikue polepole. Bila dawa, seli hiyo hushindwa na wenzake. Chini ya dawa, yeye ndiye mshindi.

Kwa mzazi, sehemu iliyo mikononi mwake ni vidonge vya nyumbani. Utafiti wa Marekani uliwafuatilia watoto wanaomeza merkaptopurini na kuona kwamba waliomeza chini ya asilimia 95 ya dozi zao walirudiwa na ugonjwa zaidi. Katika mwezi wa siku 30, kukosa siku mbili tu tayari kunamshusha mtoto chini ya kiwango hicho. Siku hizo ni nafasi ya kupumua kwa seli ambazo dawa ilikuwa karibu kuzimaliza.

Daktari anaposimamisha dawa kwa sababu chembe nyeupe zimeshuka mno, huko si kukosa dozi. Ni sehemu ya matibabu. Mtoto akitapika, au kidonge kikisahaulika, mzazi asirudie wala kuongeza dozi kwa kukisia, apige simu kliniki. Na vidonge vikibaki vya wiki moja, aseme mapema, asisubiri viishe.

Pia ugonjwa ukirudi, mzazi asianze kutafuta alipokosea. Kuna watoto waliomeza kila kidonge na bado ukoo mmoja sugu, uliokuwapo kabla ya dozi ya kwanza, ukapenya. Kwao daktari hubadilisha dawa, akitafuta njia ambayo ukoo huo haujaizoea.

Yule mama wa mtoto wa miaka sita sasa ana kalenda ya ukutani. Kila usiku mtoto akishameza, anaweka alama mwenyewe kwa kalamu nyekundu.