Deni la Marekani na bei ya gramu Mwanza

Ukipita kwenye soko la madini Mwanza au Geita utakuta kila mnunuzi ana simu mkononi, na kwenye kioo cha simu kuna namba moja inayopanda na kushuka: bei ya wakia ya dhahabu kwa dola. Machi 2025 namba hiyo ilivuka 3,000 kwa mara ya kwanza. Oktoba mwaka huohuo ikavuka 4,000. Wachimbaji na madalali wengi wa Kanda ya Ziwa wanayo maelezo mafupi ya jambo hilo, kwamba Wamarekani wamekopa mno. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yana upungufu ambao unaweza kumtia mtu hasara, na ndiyo maana tumeamua kuyachambua.

Tuanze na nakisi. Serikali inapotumia kuliko inachokusanya, pengo hilo huzibwa kwa mkopo. Marekani hukopa kwa kuuza hati fungani, na katika mwaka wa fedha 2025 pengo lake lilikuwa takriban dola trilioni 1.8. Mwaka mmoja kabla, fedha zilizolipwa kama riba ya deni zilikuwa zimeshazidi zile za ulinzi. Nchi inapofika hapo, sehemu ya mikopo mipya inakwenda kulipia mikopo ya zamani.

Anayezinunua hati hizo, awe mfuko wa pensheni, kampuni ya bima au benki kuu ya nchi nyingine, haogopi sana kwamba Marekani itashindwa kulipa. Deni ni la dola, na dola inatengenezwa na Marekani yenyewe. Anachohofia ni kulipwa dola zilizopungua thamani. Serikali yenye deni kubwa hunufaika riba ikiwa ndogo na bei za vitu zikipanda, kwa kuwa deni linayeyuka taratibu. Mkopeshaji ndiye anayebeba hasara hiyo. Hapo ndipo dhahabu inapoingia: hailipi riba hata senti moja, lakini hakuna serikali inayoweza kuichapisha.

Mfano wa karibu ni wa Mei 2025. Tarehe 16 kampuni ya Moody's iliishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa la uaminifu wa kukopa, ikitaja nakisi na mzigo wa riba. Wiki iliyofuata wawekezaji walidai riba ya zaidi ya asilimia 5 kwa hati za miaka 30, na wakia ya dhahabu ikatoka karibu dola 3,200 hadi zaidi ya 3,300. Hatusemi deni ndilo lililofanya kazi yote. Wiki hiyohiyo kulikuwa na vitisho vipya vya ushuru wa forodha, na vita navyo huisukuma dhahabu juu.

Upungufu tuliousema unaonekana vizuri ukirudi nyuma. Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa wakia. Katika miaka kumi iliyofuata deni la Marekani liliongezeka zaidi ya mara tatu. Kama deni peke yake lingetosha, dhahabu ingepaa. Badala yake ilishuka, na kufikia mwaka 1999 ilikuwa karibu na dola 250. Sababu ni kwamba benki kuu ya Marekani, chini ya Paul Volcker, ilipandisha riba mbali juu ya mfumuko wa bei. Aliyeshika hati fungani alipata faida ya kweli, na aliyeshika dhahabu alikaa na chuma chake bila kipato. Kwa hiyo swali la kuuliza si deni ni kubwa kiasi gani, bali kama riba inayolipwa inaushinda mfumuko wa bei, na kama wakopeshaji wanaamini itaendelea hivyo.

Tangu 2022 hata kanuni hiyo imeyumba kidogo. Riba ilipanda, na dhahabu nayo ikapanda. Waliobadilisha hesabu ni mabenki makuu. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, akiba ya Urusi iliyokuwa nje, takriban dola bilioni 300, ilizuiliwa. Nchi nyingi ziliona kwamba hati fungani ya mwenzako ni ahadi, na ahadi inaweza kufungiwa. Mwaka 2022, 2023 na 2024 mabenki makuu yalinunua kwa jumla zaidi ya tani 1,000 kila mwaka.

Tanzania imo katika foleni hiyo, na kwa namna inayoigusa Mwanza moja kwa moja. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao iuzwe kwa Benki Kuu ya Tanzania. Kabla ya kuingia kwenye akiba ya taifa lazima isafishwe, na kiwango cha masoko ya kimataifa ni asilimia 99.5 au zaidi. Moja ya mitambo ya kazi hiyo ni ule wa Mwanza uliozinduliwa Juni 2021, ambao STAMICO ni mbia. Benki Kuu inalipa kwa shilingi na kupata akiba inayouzika kwa dola, jambo lenye uzito kwa nchi iliyopitia uhaba wa dola mwaka 2023 na 2024. Lakini shilingi hizo zinaingia kwenye mzunguko, na zikizidi, Benki Kuu hulazimika kuzinyonya kwa kuuza dhamana, ambazo nazo zina riba.

Sasa turudi kwenye mizani ya mchimbaji. Wakia moja ni gramu 31.1. Kwa dola 3,000, gramu ya dhahabu safi ni dola 96.45. Kwa dola 4,000 ni dola 128.6. Ongezeko ni theluthi moja. Ila Machi 2025 dola ilikuwa kama shilingi 2,650, na Oktoba ilikuwa imeshuka hadi kama 2,450. Kwa shilingi, gramu ilitoka takriban 255,600 hadi 315,000, ongezeko la asilimia 23. Karibu theluthi ya faida ililiwa na kuimarika kwa shilingi, na haikuonekana kwenye ile namba ya simu. Dhahabu ghafi yenye usafi wa asilimia 85 inashuka hadi kama 267,800. Ukitoa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, ambavyo ni viwango vya kawaida, inabaki kama 249,000 kabla ya makato mengine na mgao wa duara.

Hesabu hiyo ina uzito wake kwa sababu wengi huchimba kwa fedha za wafadhili, na wengine huficha mzigo ndani wakisubiri bei ipande zaidi kwa kuwa "deni la Marekani halipungui". Tarehe 21 Oktoba 2025, siku moja baada ya dhahabu kuweka rekodi mpya, bei ilianguka kwa zaidi ya asilimia 5, wawekezaji wakichukua faida zao. Wiki hiyohiyo deni la Marekani lilivuka dola trilioni 38. Aliyekopa Misungwi au Geita kwa matumaini ya bei ya jana yake alikuwa sahihi kuhusu deni, na bado mfadhili alitaka fedha zake.