Slaidi Yako Imegeuziwa Ukuta

Wasee, leo naanza kwa kujishtaki. Mwaka jana nilitengeneza karuseli ya slaidi sita kuhusu basari ya wadi: nani anaweza kuomba, fomu unachukua wapi, unaambatanisha nini na mwisho ni lini. Ilisambaa fiti. Watu wa Section 58, Njoro, Molo hadi Gilgil waliisevu. Kapsheni yangu? "Swaipu uone yote", na moto tatu.

Siku mbili baada ya fomu kufungwa, folowa mmoja wa Njoro akaniandikia inboksi. Yeye haoni, simu yake inamsomea kwa TalkBack. Akaniuliza, "Bro, simu iliniambia tu kuna picha yenye maandishi. Mwisho wa hiyo basari ni lini?" Mwisho ulikuwa umepita. Sikuwa na jibu la maana, niliomba tu msamaha.

Tangu hiyo siku msimamo wangu ni huu: karuseli ya maandishi bila maandishi mbadala ni bango lililogeuziwa ukuta. Umelibandika, unahesabu laiki, lakini kuna watu wamesimama mbele yake na hawapati neno.

Shida iko hivi. Ukiandika kwenye slaidi, hayo maneno yanakuwa picha. TalkBack kwenye Android na VoiceOver kwenye iPhone zinasoma maandishi halisi, si rangi zilizopangwa zikafanana na herufi. Instagram ilileta nafasi ya kuandika maelezo ya picha mwaka 2018. Ukiiacha tupu, mashine inajaribu kukisia, na mara nyingi mtu anasikia kitu kama "May be an image of text". Hata ikibahatika kukamata maneno, inaweza kuyachanganya au kuacha mengine. Tarehe ya mwisho si kitu cha kuachia bahati.

Kuandika ni rahisi. Ukiwa kwenye ukurasa wa kapsheni, shuka chini hadi Advanced settings (simu zingine zinaonyesha More options), ingia Accessibility, kisha Write alt text. Utaona slaidi zako zote, na kila moja ina nafasi yake. Hapo ndipo wengi huteleza: wanajaza ya kwanza halafu wanaacha tano. Posti ya zamani pia inarekebishika: bonyeza nukta tatu, Edit, halafu Edit alt text juu ya picha.

Sasa unaandika nini? Chukua slaidi yangu ya nne. Ilikuwa ya pinki, flamingo wawili kwenye kona, na maneno ya mwisho wa kurudisha fomu. Jaribio langu la kwanza lilikuwa: "Slaidi nzuri ya pinki yenye flamingo na maandishi kuhusu basari." Soma tena. Nimemwambia jamaa rangi na ndege, nikamnyima kile alichokuja kutafuta. Nikaandika upya hivi:

"Slaidi ya 4 kati ya 6. Mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni, ofisi ya wadi. Beba kopi ya kitambulisho cha mzazi na barua ya shule."

Flamingo wameenda, kwa sababu kwenye hiyo slaidi walikuwa mapambo tu. Kama ni posti ya kuonyesha Ziwa Nakuru, hapo flamingo ndio habari, waeleze. Swali ni moja: mtu akikosa hii, amekosa nini?

Ona pia nimeandika "saa kumi na moja" kwa maneno. Simu nyingi hapa zimewekwa sauti ya Kiingereza, na hiyo sauti ikipata "saa 11" inasema "saa ileveni". Msikilizaji anaweza kufikiria ni saa tano asubuhi. Sauti hiyo hiyo tayari inahangaika na Kiswahili, usiiongezee "xaxa" na "2po". Andika neno zima, na usirukeruke kati ya lugha mbili ndani ya sentensi moja. Zile fonti za mapambo za kukopi mtandaoni ni mbaya zaidi: kwa kisoma-skrini hizo ni alama za hesabu, kwa hivyo jina lako linatajwa alama moja moja au linarukwa kabisa.

Lakini maandishi mbadala yana kikomo, na hiki nilijifunza kutoka kwa huyo folowa. Yanasomwa kama donge moja. Hawezi kubonyeza linki iliyo ndani, na donge likiwa refu anapotea katikati. Kwa hivyo tarehe na namba ziweke pia kwenye kapsheni. Na kama slaidi ina maneno ya kujaza ukurasa, hiyo slaidi ni ndefu sana hata kwa mtu anayeona. Igawe mbili.

Halafu kuna wale wanaoona kidogo na hawatumii kisoma-skrini. Hawa maandishi mbadala hayawasaidii, wanategemea slaidi yenyewe. Utasema wazumu. Jaribu: kwenye fidi ya Instagram ukivuta picha kwa vidole viwili inakua, ukiachilia inarudi ilivyokuwa. Hebu soma aya nzima hivyo.

Kosa langu hapa lilikuwa rangi. Nilikuwa nimeandika kwa nyeupe juu ya pinki ya flamingo, `#FC8EAC`. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka tofauti ya mwanga kati ya herufi na mandhari ifike 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Yangu ilikuwa kama 2.2. Nilibadilisha kitu kimoja tu, herufi zikawa nyeusi, ikapanda hadi zaidi ya 9. Pinki ilibaki, brandi haikufa.

Ukitaka kujua kama slaidi inasomeka, usiiangalie kwenye laptopu. Itume kwa simu, punguza mwanga wa skrini, toka nje kwenye jua la saa saba pale Kenyatta Avenue, na uishike mbali kwa urefu wa mkono. Ukikunja macho, ongeza herufi au punguza maneno.

Najua mtasema hii inakula muda. Kwangu slaidi sita zinachukua kama dakika kumi, kwa sababu maneno nilishayaandika, nayakopi tu na kuyanyoosha. Kuchagua wimbo wa kuweka nyuma kunanichukua zaidi. Na Katiba ya 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia breli, lugha ya ishara au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Hakuna askari atakuja kukushika juu ya slaidi, sawa, lakini usiseme ni fadhila unafanya.

Kabla ya posti yako ijayo, washa TalkBack kwenye Settings, Accessibility. Weka kwanza ile njia ya mkato ya vitufe viwili vya sauti, ndio ujue kuizima. Funga macho, pitia karuseli yako mwenyewe kutoka slaidi ya kwanza hadi ya mwisho, halafu ujiulize: mwisho ni lini?

Kama hujasikia, yeye pia hajasikia.