UCHAMBUZI: Saa za Msingi kwa Watumishi wa Kazi za Mbali: Kupima Upatikanaji Bila Kuhesabu Dakika

Mtumishi anapofanya kazi akiwa nje ya ofisi, msimamizi wake hukabiliwa na swali moja kila siku: nikimhitaji, nitampata? Baadhi ya waajiri hulijibu swali hilo kwa kufunga katika kompyuta programu zinazohesabu kila dakika ambayo kibodi imeguswa. Njia hiyo hupima kitu tofauti na kile kinachotafutwa. Upatikanaji ni ahadi kati ya watu, na ahadi hupimwa vizuri pale tu inapokuwa imeandikwa kwa maneno yanayoeleweka.

Msingi wa ahadi hiyo ni makubaliano ya saa za msingi, yaani kipindi cha siku ambacho watumishi wote wa kitengo huwa kazini kwa pamoja, popote walipo. Saa zinazobaki hupangwa na mtumishi mwenyewe kwa kuzingatia mipaka iliyokubaliwa. Kwa Tanzania Bara, mipaka hiyo huanzia katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki, na kumpa mwajiriwa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Kazi inayofanyika kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi huhesabiwa kuwa ya usiku na ina nyongeza yake ya malipo.

Tuchukue mfano wa kitengo chenye watumishi sita wanaoshughulikia maombi ya wananchi, wanne wakiwa Dodoma, mmoja Mwanza na mmoja Mbeya. Mikataba yao inataka saa 8 za kazi kwa siku. Wanakubaliana kuwa saa za msingi ni saa 4:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, kisha saa 8:00 mchana hadi saa 10:00 jioni. Saa 4 zilizobaki kila mmoja atazipanga apendavyo, ilimradi asianze kabla ya saa 12:00 asubuhi wala kupita saa 2:00 usiku. Mpango huo unalinda pia mapumziko ya kisheria, kwa kuwa aliyemaliza kazi saa 2:00 usiku ametimiza saa 12 za kupumzika ifikapo saa 2:00 asubuhi, muda mrefu kabla ya saa za msingi kuanza.

Kutaja saa peke yake hakutoshi. Makubaliano yanapaswa kueleza maana ya neno "kupatikana". Katika mfano wetu, simu inayopigwa ndani ya saa za msingi hupokelewa au kurudishwa ndani ya dakika 15, na ujumbe wa maandishi hujibiwa ndani ya saa moja. Mtumishi atakayeondoka kwa zaidi ya nusu saa huandika hivyo katika kalenda ya pamoja. Umeme au intaneti ikikatika, hutuma ujumbe mfupi wa kawaida wa simu kwa msimamizi. Nje ya saa za msingi hakuna anayedaiwa jibu, isipokuwa kwa dharura, na dharura hutolewa kwa kupiga simu. Kwa kuwa wananchi hupiga simu pia katika saa nyingine za ofisi, simu ya kitengo huwekewa zamu, ili mtumishi mmoja aipokee wakati wenzake wanaendelea na kazi nyingine.

Upimaji hufanyika mara moja kwa wiki kwa kutumia maombi halisi. Tuseme katika wiki moja maombi 40 yalitumwa kwa watumishi ndani ya saa za msingi, na 34 yakajibiwa kwa wakati. Msimamizi anapoyaangalia yale sita yaliyochelewa, anaona manne yalitokea Jumanne na Alhamisi baada ya saa 8:00 mchana, na yote yalielekezwa kwa mtumishi aliyeko Mbeya. Hatua ya kwanza ni kumuuliza. Jibu linaonesha kuwa katika siku hizo mbili mtumishi huyo huhudhuria kikao cha mtandaoni kilichopangwa na msimamizi mwenyewe. Dawa yake ni kukiingiza kikao hicho katika kalenda na kumkabidhi mwenzake maombi kwa muda huo.

Programu ya kuhesabu dakika ingemwonesha mtumishi huyo kuwa mzembe, kwa sababu anayesikiliza kikao hagusi kibodi. Kasoro hiyo ndiyo iliyojitokeza nchini Ufaransa. Mwezi Desemba 2024, CNIL, mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi, iliitoza kampuni moja ya sekta ya majengo na ardhi faini ya yuro 40,000. Kampuni hiyo ilikuwa na programu iliyohesabu kuwa mfanyakazi hafanyi kazi endapo kibodi na kipanya havikuguswa kwa dakika kati ya 3 na 15, na pia ilipiga picha za skrini mara kwa mara. Muda huo usipofidiwa, ungeweza kukatwa katika mshahara. Mamlaka ilieleza kuwa mtu anaweza kuwa kazini bila kugusa kompyuta, kwa mfano akiwa kwenye kikao au akizungumza kwa simu, hivyo kipimo hicho hakikuwa cha kuaminika.

Hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililo bayana na kwa kiwango kinacholihitaji kusudi hilo, na mhusika aelezwe. Kumbukumbu ya ombi lilipotumwa na lilipojibiwa inatosha kuonesha kama mtumishi alipatikana. Picha ya skrini yake huonesha mengi zaidi ya hilo, zikiwemo taarifa za mwananchi anayehudumiwa.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka. Haifai kwa kazi inayohitaji mtu awepo mfululizo, kama vile kupokea simu za dharura, ambayo huendeshwa kwa zamu kamili. Pia, kuchelewa mara moja si ushahidi wa uzembe, hivyo ni busara kuangalia mwenendo wa wiki kadhaa. Vilevile, watumishi wakijua wanapimwa kwa kasi pekee, wataanza kujibu "nimepokea" na kuliacha ombi lilale. Kwa sababu hiyo, linalohesabiwa kuwa jibu ni lile linalolisogeza jambo mbele au linalotaja siku litakaposhughulikiwa.

Dalili kwamba makubaliano yameanza kuvunjika huonekana mapema. Vikao hujaza saa za msingi zote, na kazi yenyewe ikasukumwa hadi jioni. Ujumbe wa saa 3:00 usiku huanza kutarajiwa kujibiwa usiku huohuo. Kazi inayoagizwa kupita saa za kawaida ni ya ziada, na sheria inataka iwe imekubaliwa, isizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mwajiriwa anayeombwa kusaini makubaliano ya saa za msingi anapaswa kuhakikisha kuwa yameandikwa saa ya kuanza na kumaliza, muda wa kujibu, maana ya dharura, na orodha ya taarifa zitakazokusanywa kumhusu.