Ujumbe wa mteja upelekwe asiransi leo
Safu ya Muhindo Kambale

Tuseme arshitekti wa Butembo alichora depo ya kakao ya Mangina. Mwezi wa 4 mwenye depo anamtumia picha kwa WhatsApp: "Papa arshitekti, boriti imepinda, ukuta umepasuka. Hii ni plani yako. Tufanye nini?" Arshitekti anafungua plani na kuona kwamba boriti ya mita 7 haina nguzo katikati. Anatuma simenti na fera kwa pesa yake, nguzo inasimamishwa, watu wananyamaza. Asiransi haikuambiwa lolote.

Mkataba wake wa asiransi unaisha mwezi wa 6, naye anaulipia upya. Mwezi wa 9 upande mmoja wa depo unaanguka, na avoka wa mteja anadai dola 40,000. Sasa ndipo anapoiandikia asiransi. Jibu ni swali moja: ulijua lini?

Asiransi ya gari huangalia siku ya ajali. Hii ya makosa ya kitaaluma, katika mikataba mingi, huangalia siku dai lilipofika. Mkataba mpya haubebi shida uliyoijua kabla ya kuulipia, na ule wa zamani umefungwa bila taarifa. Arshitekti wetu amelipa miaka yote miwili na bado yuko nje. Angeandika mwezi wa 4, mikataba ya aina hii kwa kawaida hulihesabu dai la baadaye kama la mwaka ule wa taarifa, hata mteja akichelewa kwenda tribinali.

Wengi hunyamaza wakiogopa kupandishiwa malipo. Naelewa, ila dola 40,000 ni nyingi zaidi.

Barua ya kuiarifu asiransi ni ukurasa mmoja: namba ya mkataba, kazi iko wapi, plani zilikabidhiwa lini, ujumbe wa mteja neno kwa neno na siku ulipofika, na nini kinasemekana kimeharibika. Ambatanisha picha, mkataba wa kazi na kila toleo la plani, pamoja na lile ambalo fundi alilibadilisha kwenye shantie. Usiandike nani ana kosa. Mteja naye ajibiwe kwa adabu kwamba umepokea na unachunguza. Usimwahidi pesa wala kukiri, kwa sababu asiransi inaweza kukataa kulipa ulichokubali bila ruhusa yake.

Kama jengo linatishia watu, usingoje ruhusa. Toa watu, egemeza boriti kwa miti, kisha iambie asiransi siku hiyohiyo ulichofanya na kwa nini. Kuegemeza si kukiri.

Tangu sheria namba 15/005 ya 17 Machi 2015, SONAS haiko peke yake sokoni, na wengi hununua kupitia mtu wa kati. Kumwambia huyo kwa simu hakutoshi. Tuma imeili kwa anwani iliyoandikwa ndani ya mkataba, ndani ya siku zilizotajwa humo, na udai jibu la maandishi kwamba imepokelewa.